Mhusika wa Kisima

Sadala, katibu wa kamati ya kijiji chetu cha Ujamaa huko Handeni, aliandika kila neno la kikao. Nani kabisha, nani kakohoa, yote yamo! Ndiyo maana mwaka 1975, mtoto Chausiku alipotumbukia kisimani akafa, mwenyekiti Isihaka alipekua kurasa sita za mabishano ndipo akakuta: "Ilikubaliwa kisima kifunikwe." Na nani? Lini? Hakuna.

"Andika upya, katibu," alisema. "Maazimio juu, mjadala chini."

Sadala akachora safu tatu: azimio, mhusika, tarehe ya mwisho. Shamba la pamba likapata mtu na tarehe. Ghala likapata. Kwenye kisima kalamu ikasita. Akafumba macho, akakirudia kikao kile sauti moja moja. Mjumbe mmoja, mama yake Chausiku, aliuliza, "Nani atafunika?" Mtu akajibu, "Mbao ninazo mimi. Kabla ya Ijumaa."

Sauti ilikuwa yake mwenyewe. Hakujiandika, alishughulika na maneno ya wengine.

Akajaza jina lake. Baada ya msiba ule kisima kilifunikwa, na miaka imepita, lakini kila akifungua daftari humsikia yule mama: "Ijumaa ipi, Sadala?"