Tarehe ya Kujiunga na Nyota

Karani wa masijala hakuzoea kubembeleza. Miaka ishirini alipokea barua za watu na kuzigonga mihuri, akaijua vizuri barua inayojibiwa na ile inayoozea kwenye trei. Basi laini yake mpya ilipoanza kukatwa salio kila asubuhi kwa ujumbe wa utabiri wa nyota, alituma neno la kujitoa, ikawa kazi bure. Akapiga huduma kwa wateja. "Mama, umejiunga mwenyewe," wakamwambia.

Mwenyewe! Yeye, asiyejua hata nyota yake ni ipi!

Papo hapo akajipatia mshitakiwa: mama mkwe, ambaye kila jioni huazima simu hiyo kuongea na dada yake. "Mama, safari hii umebonyeza nini?" akamwuliza, na haikuwa sauti ya kuuliza. Mama mkwe akasema labda, macho yake siku hizi hayamsaidii. Tangu hapo hakuigusa simu. Akipewa, husema hana la kumwambia dada yake.

Karani akakaa kitako, akaandika:

"Sikuwahi kuridhia huduma hii. Naomba kumbukumbu ya kujiunga: tarehe, saa na njia iliyotumika. Kama haipo, nirudishieni makato yote na mzifungie huduma za aina hii kwenye namba yangu. Msiponijibu kwa siku kumi na nne, nitalipeleka lalamiko langu kwa mamlaka ya mawasiliano."

Akaenda nayo dukani kwa kampuni ya simu, nakala mbili. Dada wa kaunta akamwambia siku hizi barua hazipokelewi. "Sawa, mwanangu. Niandikie hapa kwamba umeikataa, uweke na sahihi," karani akajibu, akavuta kiti. Muhuri ukapatikana.

Siku ya kumi na mbili jibu likaja, limejaa kujiamini: mteja alijiunga kwa kutuma ujumbe, tarehe tatu mwezi wa tatu. Karani akafungua faili lake, akatoa karatasi ya usajili wa laini. Mwezi wa saba! Kumbe namba ilikuwa na mwenyewe kabla yake, na kampuni ilimuuzia bila kuifuta huduma ya mtu. Alicheka peke yake ofisini. Akaambatanisha karatasi zote mbili, akarudi kaunta ileile, na ndani ya wiki wakarudisha makato na kuomba radhi kwa maandishi.

Ile radhi aliisoma mara mbili, na raha ikamtoka. Kampuni aliidai tarehe, saa na njia. Ila mama mkwe, yeye karani alimhukumu bila karatasi hata moja.

Jioni akaingia chumbani kwa mama mkwe, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Mama, hukubonyeza kitu. Nilikusingizia. Nisamehe."



"Mwanangu," mama mkwe akasema, "mimi nilishaamini akili zimeanza kunitoka."