Makaa ya Juu ya Mfuniko

Tangu biashara iwe huria na wanunuzi binafsi waanze kugombea pamba, watu wa Bariadi waliota mapembe. Kila kitu lazima kitoke Mwanza. Hata keki! Upande wa bwana harusi ulipotaka keki ya bibi harusi, Esteria, iagizwe huko, mama yake, Salu, alikataa katakata. Nusu ya harusi za mji huu zilikula keki zake. Leo ya mwanawe wa pekee iokwe na mtu baki? Thubutu!

Asubuhi ya harusi alinyunyiza unga kidogo kwenye sufuria tupu. Ulipogeuka hudhurungi taratibu bila kuungua, akajua moto unafaa. Akaifuta sufuria, akapaka mafuta, akamimina rojo, akafunika. Jikoni aliacha makaa machache yaliyovaa majivu. Mengi akayapanga juu ya mfuniko. Keki yataka moto mkubwa juu, wa chini uwe wa kubembeleza. Alipopitisha kiganja juu ya mfuniko, kilirudi mbio. Vizuri. Akaenda kuoga.

Asiyekuwepo na lake halipo. Aliporudi alilakiwa na harufu ya kuungua. Maximiliana, shangazi wa bwana harusi, aliyetumwa kukagua maandalizi, alikuwa ameinama jikoni akipepea kwa nguvu. Mfunikoni hapakuwa na kaa hata moja.

"Umefanya nini, mkwe?"

"Moto wako ulikuwa umekufa, mayu. Makaa uliyaweka juu kama unapalia wali ulioiva! Nimeyarudisha chini."

Laiti asingekuwa mkwe, Salu angemtoa kwa mwiko! Akaitua sufuria chini kwenye udongo, akayapakia makaa yote juu ya mfuniko, akaketi kuilinda kama ng'ombe mwenye ndama mchanga. Uso wa keki uliiva, ukapendeza. Lakini chini palikuwa peusi tii. Akaikata sehemu iliyoungua kwa kisu, akabaki na keki fupi na duara la ukoko mgumu. Ukoko hakuutupa.

Ukumbini Maximiliana hakuona haya. "Mbona fupi hivi?" akauliza, meza nzima ikisikia. "Tulisema ya Mwanza!"

Salu akaendelea kupanga sahani.

Ikafika zamu ya bibi harusi kuwalisha wakwe. Baba mkwe akala, akaomba kipande kingine. Mama mkwe akalamba vidole. Kisha Salu akamsogezea binti yake sahani ndogo aliyoifunika kwa leso.

"Hiki cha shangazi," alisema kwa sauti ya kusikika. "Keki hii tumeioka wawili. Mimi nilioka juu, yeye akaoka chini."

Esteria alipiga magoti, akainua kipande cheusi kwa mikono miwili. Mkwe halishwi akakataa. Maximiliana akafumbua mdomo, akatafuna, na ukumbi mzima ukasikia ukoko ukivunjika.