Sauti ya Mzee wa Yakobi

Nilikuwa nimefikia Makambako, kwa rafiki, nikitafuta kibarua cha kurekodi simulizi za wazee kwa redio ndogo ya pale. Binti mmoja wa kijiji cha Yakobi akanipigia kwa simu ya jirani: baba yake alikuwa anasubiri kitanda hospitali, akafanyiwe upasuaji wa koo. Madaktari walishawaambia kwamba sauti haitabaki.

"Kaka, njoo na ile maiki yako," alisema. "Nataka aniambie mama alivyokuwa ananiita nikiwa shambani. Alikuwa na mwito wake. Mimi nilikuwa mdogo, nimeusahau."

Nilifika Yakobi, nikamkuta mzee kando ya jiko la mkaa, amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Nilipombandikia maiki ndogo kifuani, akanitazama.

"Unanifunga kengele kama mbuzi?"

"Ili usipotee, mzee."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Nilivaa visikilizio, nikajaribu. Blanketi lilikuwa linakwaruza maiki kila alipovuta pumzi, na sauti yake hafifu ilizama humo. Nikaitoa, nikaibana nje ya pindo la blanketi, waya nikaukunja kitanzi na kuubandika kwa plasta ili usivutike. Simu niliyorekodia nikailaza juu ya sweta langu kwenye kigoda, nisiiguse tena. Tukajaribu upya. Safi.

Kilichobaki ni kuiweka hali ya ndege, asiweze mtu kupiga katikati. Binti akanishika mkono.

"Hospitali niliwapa namba yako, kaka. Simu yangu imeharibika. Wakitukosa, kitanda wanampa mwingine."

Laini ya pili sikuwa nayo, wala simu ya akiba. Nikaacha mtetemo tu.

Mzee alianza polepole. Akasema habari za mkewe, shamba la viazi la bondeni, ukungu uliokuwa hauondoki mpaka mchana. "Basi jioni mama yako anasimama pale juu, anaweka mikono mdomoni hivi, anaita..."

Simu ikatetemeka. Kurekodi kukakatika palepale.

Waliopiga walikuwa wa hospitali. Kitanda kimepatikana, aje kesho asubuhi.

Binti alishukuru mara nyingi, akirudia "asante dada, asante dada" kwa muuguzi. Mzee alikuwa amesikia. Alivuta blanketi, akageukia mkaa.

Sasa niliweka hali ya ndege, nikaanza upya.

"Baba, mama alikuwa ananiitaje?"

Alivuta pumzi, mvua ikaanza kugonga bati.

"Nitakuambia tukirudi."

Hatukumlazimisha. Kesho yake niliwasindikiza mpaka stendi Makambako, na mzee alinipungia mkono dirishani, mdomo ukiwa ndani ya shali.

Binti anayo rekodi hiyo ya pili. Haina mkwaruzo wala mlio wa simu. Inasikika mvua juu ya bati, pumzi ya baba yake, na yale maneno mawili: "Nitakuambia tukirudi."