Lami ya Baba Ado

Kabale hakujua amchukie nani zaidi, lami au mumewe Hirbo aliyeileta nyumbani kila jioni. Hirbo aliendesha Landrova ya msimamizi wa barabara mpya ya Isiolo. Akishaiegesha uani, alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akapangusa polepole madoa meusi kwenye rangi, kisha akaiosha kwa sabuni. Viatu na suruali vilikuwa shida ya Kabale. Alikwangua soli kwa kijiti, akapaka pindo za suruali mafuta ya mkia wa kondoo, akangoja lami ilainike, akafuta, ndipo akafua.

"Baba Ado, hii barabara haina mwisho? Mafuta yangu ya kupika yote yanaliwa na suruali!"

Hirbo alimsogezea viatu, akaingia ndani kulala.

Alhamisi moja Hirbo alikuja kwa miguu, akavua viatu na suruali ya kazi. Kabale, mgongo ukimuuma, akachukua kopo lake la mafuta na kugeuza viatu. Vumbi tu. Akakunjua pindo za suruali. Safi.

"Barabara imeisha, Mama Ado," Hirbo akasema. "Wametuachisha kazi wote."

Kabale akaigeuza tena ile suruali, akitafuta hata doa moja.