Somo Jepesi la Mwaka wa Kwanza

Dada yangu mdogo anapima maji. Yuko maabara ya idara ya maji, chumba chenye majokofu mawili na dirisha lisilofunguka, na kila asubuhi anapokea chupa zilizojazwa kwenye mabomba ya mji mzima, atazame kama zina vijidudu. Nyumbani tunamwita Daktari. Jina lilianza kwa matumaini, siku hizi ni utani, na kila nikilisikia roho inaniuma.

Udaktari aliutaka tangu shule ya msingi. Matokeo ya sekondari yakampungukia pointi moja tu, akapangiwa biolojia chuo kikuu. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu chuo hichohicho, nasoma biashara, na ujuaji wangu haukuwa na breki.

"Ingia hukohuko biolojia," nikamwambia. "Ukipata wastani mzuri mwaka wa kwanza, unaomba kuhamia udaktari. Watu wanahama kila mwaka."

Hilo lilikuwa kweli. Ningenyamaza hapo! Alikuwa na nafasi ya somo moja la hiari, akataka fizikia.

"Fizikia ya nini? Itakushusha. Chukua jiografia, mteremko mtupu."

Masharti ya kuhama sikuwahi kuyasoma. Niliyasikia kantini.

Alisoma mpaka macho yakamvimba. Mwisho wa mwaka akawa wa kwanza darasani, tukaongozana mpaka ofisi ya udahili. Karani akapitisha kidole kwenye matokeo yake mara mbili.

"Fizikia iko wapi, mwanangu?"

Anayehamia udaktari lazima awe amefaulu biolojia, kemia na fizikia za mwaka wa kwanza. Dada akauliza kama anaweza kuisoma mwaka unaofuata. Karani akatikisa kichwa, na alimwonea huruma kwelikweli. Maombi yalipokelewa mara moja tu, mwisho wa mwaka wa kwanza.

Mama alipouliza, dada alijibu, "Nilikosea kuchagua somo, mama." Nami nilikuwa papo hapo, nakunywa chai yangu, nimeufyata. Mama amekufa akiamini kwamba binti yake alifanya uzembe.

Mwezi uliopita binti yangu naye amekosa uhandisi. Anataka kuanzia kozi ya hisabati, kisha aombe kuhama. Akamngoja shangazi yake atoke kazini.

"Shangazi, wewe ilikuwaje ukakwama?"

"Nilichagua somo vibaya."

Safari hii nilishindwa kuvumilia. "Mimi ndiye niliyemchagulia," nikasema. "Yeye alitaka fizikia. Usinisikilize mimi, mwanangu. Nenda kayasome masharti mwenyewe."

Dada aliweka kikombe mezani. Nilisubiri anitukane, ningeshukuru.

"Kumbe unakumbuka," akasema. "Miaka yote hii, kaka, nilijua umesahau."