Chaja Niliyompa Jirani

Nilipaswa kumkataa jirani yangu aliponiomba chaja. Mama huyo, Mganda, alichajia watu simu katika kibanda kilichopakana na changu cha fotokopi, hapa mtaani Nyakuron.

“Mzee, hiyo kompyuta yako ndogo kama biskuti inakula umeme gani? Nipe chaja yake, wateja wananililia. Wewe chukua hii yangu.”

Nikacheka, nikampa. Yake ilikuwa nyepesi, waya wake mwembamba kama uzi.

Siku hiyo dada yangu mkubwa alikuwa kwangu. Wakati wa vita sisi wadogo tulitangulia Uganda. Yeye alibaki, akamzika baba huko Rejaf. Sasa alikuwa mgonjwa, hawezi safari. Nikamwekea maikrofoni kwenye kompyuta ile, aeleze kaburi lilipo. Badala ya kukaa nimsikilize, nikarudi kwa wateja.

Nilipopita, niliona kwenye kona ya skrini alama ya radi ya njano, inakuja na kupotea. Taa nyekundu kwenye bodi ya kompyuta nayo ilikuwa ikizimika na kuwaka. Nilijua maana yake: umeme hautoshi. Nikajiambia, itamaliza tu.

Kisha skrini ikawa nyeusi.

“Imenichoka,” dada akasema. “Lakini nimeshaiambia yote.”

Nikaiwasha tena. Taa nyekundu iliwaka, lakini ya kijani, inayoonyesha kadi inasomwa, haikupepesa hata kidogo. Kadi ya kumbukumbu haikusomeka. Sikumwomba dada arudie. Alikuwa hoi, nami niliamini maneno yamo ndani ya kadi. Wiki hiyo hiyo akafariki.

Baada ya maziko nilipeleka kila kitu kwa fundi wa kompyuta, mtaa wa Malakia. Nilitaka aweke mfumo mpya, kompyuta iwake.

“Si juu ya kadi hii, mzee. Ukiandika juu yake, umefuta. Tunakili kwanza kilichomo.”

Akanakili, akaandika mfumo kwenye kadi nyingine. Kwa chaja ya jirani, kompyuta ilianza kuwaka, radi ikatokea, ikajizima. Fundi aliweka mita: volti zilishuka chini ya tano kila kompyuta ilipoanza kazi. Nikakimbia Nyakuron kudai chaja yangu. Kwa chaja hiyo kompyuta iliwaka, ikatulia.

Tukafungua nakala ya kadi ya zamani. Sauti ya dada ikatoka: “Ukitoka kanisani, fuata mto, mpaka uone…”

Basi. Fundi alijaribu programu zote alizokuwa nazo, nami sikumwacha apumzike. Yaliyofuata hayakuwahi kuandikwa. Siku ile umeme ulikatika kadi ikiwa katikati ya kazi.

Kila kiangazi mimi huenda Rejaf. Huanzia kanisani, nikafuata mto, nikiuliza wenye mashamba, nikikagua kila rundo la mawe. Mwaka huu pia nitakwenda, magoti yakikubali au yasikubali. Lakini niseme wazi: kwa chaja ile nilipoteza kaburi la baba yangu, na aliyelijua hayupo tena.