Nilivyomfanya Mama Mgonjwa kwa Barua Pepe

Kukataa kazi ni jambo dogo kwa watu wenye akili. Mimi lilinichukua siku mbili, rasimu tano na afya ya mama yangu.

Wakati huo nilikuwa afisa wa mradi hapa Kilosa, mradi wa kupanga matumizi ya ardhi ili wakulima na wafugaji waache kupelekana polisi kila mvua ikikatika. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi minne, na wafadhili walishaanza kutuaga kwa lugha nzuri. Ndipo dada mmoja wa wakala wa ajira Dar es Salaam akaniandikia. Alikuwa amepata wasifu wangu mtandaoni. Kampuni ya dawa za mifugo ilitaka meneja wa mauzo Kanda ya Ziwa, mtu anayejua kuzungumza na wafugaji.

Kuzungumza na wafugaji najua. Kuuza sijui. Niliwahi kuuza vitumbua nikiwa shuleni nikaishia kuvila na wateja wangu. Nilichokuwa nakitaka ni uratibu wa mradi kama huu wetu, na nilishasikia kwamba yule dada ndiye anayeyatafutia watu mashirika mengi ya namna hiyo. Kwa hiyo kazi yake sikuitaka, lakini yeye nilimtaka sana.

Rasimu ya kwanza ilisema ukweli: asante, mauzo si fani yangu, ninatafuta uratibu, mkataba wangu unaisha Juni. Mistari minne. Nikaisoma nikaona aibu. Mtu hajakuona hata uso, amekutafuta, amekusifia, nawe unamjibu kama unarudisha chenji? Malezi yangu hayakuruhusu. Kwetu ukikataa chakula unasema umetoka kula sasa hivi, hata kama tumbo linanguruma mwenye nyumba akisikia.

Nikaongeza salamu. Nikaongeza kwamba kazini kwangu nina furaha tele, nisionekane mwenye njaa. Nikapendekeza mwenzangu mmoja wa ofisini anayeweza kumuuzia ng'ombe maziwa yake mwenyewe, na hilo nililifanya vizuri, kwa sababu nilimwomba ruhusa kwanza kabla ya kutoa namba yake. Kisha nikafika kwenye sababu, kalamu ikanishinda. Nikaandika: mama yangu ni mgonjwa, kwa sasa siwezi kukaa mbali na Kilosa.

Wakati natuma, mgonjwa alikuwa Kimamba, nyuma ya bodaboda, akigombana na mwenye mahindi juu ya ujazo wa debe.

Jibu lilikuja kabla sijafunga kompyuta. Dada hakusema lolote juu ya kazi. Alisema pole sana, anaumwa nini? Nikajibu miguu, ugonjwa nilioona hauna madhara. Wiki iliyofuata akauliza: mama anaendeleaje? Nikasema anasogea kidogo kwa fimbo. Wiki ya tatu akanitumia dua. Niliisoma nimesimama uani, mama yuko juu ya paa la banda la kuku anapigilia bati, na nikaitikia amina.

Ningeweza kumponya. Lakini kila nikitaka kumponya niliogopa kuletewa tena mauzo ya Kanda ya Ziwa, basi nikamwacha na fimbo yake. Nilijipongeza hata hivyo. Nilijiona mtu anayejua kutunza uhusiano: kila Jumatatu ujumbe, kila Ijumaa ujumbe.

Yule mwenzangu akapata ile kazi, akaenda Mwanza. Miezi miwili tangu ile barua yangu akanipigia, sauti ya mtu aliyeshiba. "Hongera ya Iringa," akasema. Nikauliza Iringa gani. Akasema kuna mradi wa ardhi unatafuta mratibu, yule dada ndiye anayekusanya majina, na yeye alijua lazima niwemo.

Sikuwemo. Nikampigia dada hapo hapo.

"Mdogo wangu, wewe ndiye niliyekufikiria wa kwanza," akasema. "Nikajiambia, yule ana mgonjwa na kazini kwake ana furaha, nisimtie kwenye majaribu. Orodha naipeleka Ijumaa. Halafu usijali, Alhamisi napita Mikumi nikienda huko huko. Njoo unipokee hapo barabarani, nina kimzigo cha mama."

Jioni nikamwambia mama. Nilidhani atacheka. Aliweka chini ungo wa mchele.

"Miezi miwili mimi ni mgonjwa na sina habari," akasema. "Unanitabiria, mwanangu? Kama ulitaka mgonjwa si ungemchukua mjomba wako? Yeye anapenda."

"Nisamehe, mama."

"Alhamisi tunakwenda wote."

Nilimsihi asije. Nilikuwa nimeshapanga kusema amepona ghafla, jina langu lirudi, mambo yaishe. Alhamisi alfajiri mama ndiye aliyeniamsha.

Mikumi tulimkuta dada amekaa kwenye mgahawa wa kando ya barabara, malori yamepangwa mbele, mkononi mfuko wa machungwa na matufaha na kitenge kipya. Mtu mwenye uso wa upole, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi. Alimwona mama anashuka kwenye basi kwa kuruka ngazi ya mwisho, akasimama kumlaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Pole na kuumwa."

Mama akanitazama. Hakunisaidia hata kwa kikohozi. Nikasema yote, hapo hapo, mhudumu akiwa amesimama na jagi la maji ya kunawa, maana naye alitaka kujua mwisho wake. Nilisikia aibu mpaka masikioni.

Dada hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Alinawa, akakaa.

"Watu wananikatalia kila siku," akasema. "Hapana inanisaidia. Nafuta jina nakwenda kwa mwingine. Ungeniandikia tu mauzo huyataki, unataka uratibu, mkataba wako unaisha lini. Mistari mitatu, minne. Wiki ile ile ya Iringa ningekupigia."

Sikumwambia kwamba niliwahi kuwa nayo mistari hiyo. Nilikula wali wangu.

Mama alikataa machungwa, akisema hawezi kula vya mgonjwa. Dada akamwambia ale tu, ni vya mtu mzima. Wakaanza kuzungumza, wakaelewana, wakacheka juu yangu bila kuniita kwenye mazungumzo. Basi la Iringa lilipopiga honi dada alimkumbatia mama, kisha akanigeukia.

"Jina lako nitaliweka," akasema. "Leo jioni nitumie wadhamini watatu waliofanya kazi na wewe. Huwa nikipeleka mtu namwandikia mwajiri maneno yangu mwenyewe, kwamba huyu namjua. Kwako wewe nitawaachia wadhamini waseme. Mimi bado sikujui."

Alisema kwa upole kabisa, kama anavyoandika. Nilisimama na mfuko wa machungwa mpaka basi likapita kilima. Nilikuwa na jumbe zake kumi na saba kwenye simu, zote za kuniuliza hali, na zote nilizijibu.